Kadi Haisogezwi na Aliyemaliza

Kipindi cha video cha dakika kumi kuhusu wakulima wa mwani wa Paje kinaweza kutengenezwa na watu wanne wasioonana hata siku moja. Mpiga picha yuko Unguja, mtayarishaji yuko Dar es Salaam, mhariri wa video yuko Arusha, na anayeandika manukuu ya Kiingereza anaishi Mombasa. Vifaa vyao vya kuwaunganisha ni vile ambavyo karibu kila timu ndogo inavyo: ubao wa kazi kwenye Trello, folda za Google Drive, na kundi la WhatsApp.

Timu nyingi zina vyote vitatu na bado kazi inapotea. Ukifuatilia imepotelea wapi, ni nadra kukuta imeharibikia mikononi mwa mtu. Imepotelea katikati: mmoja anaamini ameshakabidhi, mwenzake anaamini bado anasubiri. Mpiga picha ameandika kwenye kundi "nimeshatuma", watu watatu wameweka dole gumba, na hakuna aliyefungua faili hata moja.

Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu ubao si una safu ngapi. Ni nani mwenye ruhusa ya kusogeza kadi.

Tuseme kila kipindi kina kadi yake, na kadi inatembea kutoka kushoto kwenda kulia: Kupiga picha, Uhariri, Mapitio, Manukuu, Kimerushwa. Desturi ya wengi ni kwamba aliyemaliza ndiye anayeburuta kadi kwenda safu inayofuata. Hapo ndipo kosa linapoanza, kwa sababu kadi inahama hata kama mzigo haukufika. Ubao unasema kipindi kiko kwenye uhariri, ilhali mhariri yuko shambani kwao tangu jana na hajui lolote.

Dawa yake ni kugeuza utaratibu. Aliyemaliza anaweka alama ya kijani tu kwenye kadi, maana yake "iko tayari kuchukuliwa", na kadi inabaki palepale. Anayepokea ndiye anayeivuta, na anaivuta baada ya kukagua. Wazo hili si jipya. Toyota walilitumia viwandani mwao miaka mingi kabla ya intaneti, chini ya mhandisi Taiichi Ohno: hatua ya mbele ndiyo iliyochukua vipuri kutoka hatua ya nyuma kadiri ilivyovihitaji, na kadi ndiyo iliyobeba taarifa hiyo. Hatua ya nyuma haikuruhusiwa kurundika tu.

Faida ya pili hujitokeza yenyewe. Kadi tatu za kijani zikikaa siku mbili bila kuvutwa, mtayarishaji anaona kwa jicho moja kwamba mhariri amezidiwa, bila kumpigia simu wala kumuuliza umefikia wapi.

Sasa turudi Paje, maana kukagua ni neno jepesi mpaka ukutane na mzigo wenyewe. Mwani hushughulikiwa maji yakiwa yamekupwa sana, siku za bamvua, wakina mama wanapoweza kutembea hadi kwenye kamba zao. Bamvua huja takriban kila baada ya wiki mbili. Picha za siku ile zikipotea, hazirudiwi kesho. Mnasubiri bamvua ijayo, na mkulima aliyehojiwa huenda siku hiyo ana harusi.

Mpiga picha amerudi na picha za saa mbili. Kamera nyingi za kazi hurekodi kwa megabiti 50 hivi kwa sekunde, na kwa kiwango hicho saa moja ya picha ni kama GB 22.5. Saa mbili ni GB 45. Nafasi ya bure ya Google Drive ni GB 15, tena mnagawana na barua pepe zenu. Na hata mkinunua nafasi, intaneti inayopandisha megabiti 5 kwa sekunde itahitaji saa 20 mfululizo kupandisha mzigo huo, umeme usikatike na bando lisiishe.

Wanaojua kazi hii hawapandishi picha ghafi. Mpiga picha anatengeneza nakala nyepesi, kwa mfano za megabiti 4 kwa sekunde. Saa mbili zinakuwa GB 3.6, na kwa intaneti ileile zinapanda kwa muda unaopungua kidogo saa mbili. Mhariri anakata kipindi kizima kwa nakala hizo. Picha ghafi zenyewe zinakaa kwenye diski mbili: moja inabaki Unguja, nyingine inapanda boti hadi Dar na basi hadi Arusha. Mwishoni mhariri anaziunganisha na kazi aliyokwisha kukata.

Kuna sharti moja ambalo likivunjwa kila kitu kinakwama. Majina ya nakala nyepesi lazima yafanane na ya faili ghafi, na idadi ya fremu kwa sekunde iwe ileile. Mpiga picha akibadilisha jina la `C0012.MP4` kuwa "mama mwenye kamba", programu ya uhariri haitaijua faili ghafi ikifika. Kwenye Premiere Pro mhariri ataona skrini nyekundu yenye maneno `Media Offline`, na atatumia jioni nzima kuoanisha faili moja baada ya nyingine kwa mkono.

Kukagua kwenyewe kunachukua robo saa. Mpokeaji anahesabu faili: mpiga picha ameandika kwenye kadi kuwa ziko 64, zimefika 64? Kisha analinganisha ukubwa wa folda, na hapa watu hugombana bure. Folda ileile ya GB 22.5 kwenye kompyuta ya Mac itasomeka karibu GB 20.95 kwenye Windows, kwa sababu moja inahesabu kwa 1,000 na nyingine kwa 1,024. Hakuna kilichopotea. Linganisheni baiti, ambazo mashine zote mbili zinazionyesha, na mzozo utaisha. Halafu afungue faili ya kwanza, ya katikati na ya mwisho, aziache zicheze, asikilize kwa spika za masikioni. Faili iliyokatika njiani mara nyingi huonekana nzima mpaka uifungue.

Akiridhika, anaandika kwenye kadi "nimepokea 64, zinafunguka" na kuivuta kuja kwake. Memori kadi ya kamera haifutwi kabla ya maneno hayo kuandikwa na diski zote mbili kuwa na picha. Hiyo ndiyo kanuni ambayo mimi nisingemsamehe mtu kuivunja.

Mzigo peke yake hautoshi. Lazima uje na maelezo, na mafupi yanafaa kuliko marefu. Kwa kipindi cha Paje yangekuwa hivi: folda ni E07_mwani, mahojiano makuu yako kwenye faili 21 hadi 30, upepo umeharibu sauti ya faili 27, tumia ya kinasa sauti, mhojiwa wa pili hakuridhia sura yake ionekane, tumia mikono na kamba tu, picha ya mwani ukianikwa haikupigwa. Sentensi mbili za mwisho ndizo za thamani zaidi. Mhariri hawezi kuona kwenye picha kwamba mtu hakuridhia, wala hawezi kujua kwamba kinachokosekana kimekosekana kweli au hajakitafuta vizuri. Maelezo ya makabidhiano yaeleze hasa yale ambayo faili haliwezi kujieleza.

Maelezo haya yaishi kwenye kadi, si WhatsApp. Kundi lina kazi yake, na hakuna haja ya kulipiga marufuku. Mkijaribu watu watalirudia tu. Ila uamuzi uliofikiwa humo kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne hautapatikana wiki ijayo. Aliyeuomba uamuzi auandike kwenye kadi kwa mstari mmoja. Na video za kazi zisipitie humo kama picha za kawaida, kwani WhatsApp huzibana na ubora unashuka. Ukilazimika, itume kama hati.

Upande wa folda, kipindi kimoja kinahitaji nne tu: ghafi, mradi, kata, na mwisho. Faili za kata zipewe namba ya tarakimu mbili, `E07_mwani_kata_v03.mp4`, kwa sababu bila sifuri baadhi ya programu zitaipanga v10 kabla ya v2. Neno "mwisho" lisiingie kwenye jina la faili kamwe. Kila mtu amewahi kuona "mwisho", "mwisho2" na "mwisho_kabisa" zikiwa pamoja, na iliyorushwa ikawa si mojawapo. Faili likihamia kwenye folda ya mwisho, hilo lenyewe linatosha kusema ndilo.

Faili la mradi wa uhariri linahitaji tahadhari zaidi. Google Drive haimzuii mtu wa pili kulifungua wakati wa kwanza yuko ndani, na wakihifadhi wote, kazi ya mmoja huweza kumezwa na ya mwingine. Kwa hiyo jina lililo kwenye kadi ndilo lenye haki ya kulifungua. Mtayarishaji akitaka kurekebisha kitu asiingie. Aandike maoni kwa dakika na sekunde, kwa mfano "04:12, jina la kijiji limekosewa".

Jambo la mwisho huwashtua wengi. Kwenye akaunti za kawaida za Google, faili ni mali ya aliyelipandisha, hata kama limo kwenye folda ya mtayarishaji, na linakula nafasi ya huyo aliyelipandisha. Mpiga picha akijaza GB 15 zake, kupandisha kunakoma wakati folda ya bosi ina nafasi tele. Na akiondoka kwenye timu akaifuta akaunti yake, faili zake zinaweza kwenda naye. Kilichofutwa na kuwekwa kwenye pipa la taka kinakaa siku 30, kisha kinatoweka kabisa. Akaunti za kulipia za Google Workspace zina hifadhi ya pamoja ambayo faili zake ni mali ya taasisi, si ya mtu. Msioweza kulipa, hakikisheni umiliki wa kila faili unahamishwa kabla mtu hajaondoka, na nakala ya folda ya mwisho iwe kwenye diski ya mtayarishaji.

Utaratibu huu una mipaka yake. Timu ya watu wawili haihitaji ubao, simu inatosha. Habari ya dharura inayorushwa saa mbili baada ya tukio nayo haiwezi kusubiri kadi ivutwe. Kwa vipindi vya kila wiki vya watu watatu hadi saba, unafaa, na sehemu kubwa yake ni bure. Mkipata fedha kidogo za kuanzia, msinunue programu ya usimamizi. Nunueni diski mbili.