Je, wajua: chembe nyeupe kwenye bamia huenda ni maganda ya vidukari

Mkulima wa bamia wa Bunju au Mbagala akigeuza jani na kukuta chembe nyeupe zimetapakaa, jibu la haraka ni inzi weupe. Mara nyingi si wao. Kidukari hujivua ngozi mara nne kabla ya kukomaa, na ngozi hizo hubaki jani­ni zikiwa nyeupe, nyepesi na tupu. Kwenye joto humaliza makuzi yake kwa wiki moja hivi, na majike huzaa watoto hai bila kukutana na dume, kwa hiyo baada ya siku chache jani limejaa maganda. Picha ya simu iliyopigwa kwa mbali haiwezi kukuonyesha tofauti. Ya karibu inaweza, ukijua pa kutazama.

Piga upande wa chini wa jani, kivulini lakini penye mwanga wa kutosha. Simu nyingi zikisogezwa karibu mno picha hufifia. Rudi nyuma kidogo, kisha ukuze. Weka rula kando ya jani, kwa sababu bila kipimo mdudu wa milimita moja na wa milimita tatu huonekana sawa.

Anza na sehemu ya nyuma ya mdudu. Kidukari ana vijibomba viwili vilivyochomoza mgongoni, karibu na mkia, na kati ya vidukari, inzi weupe na wadudu magamba ni yeye tu aliye navyo. Miguu na papasi zake pia huonekana vizuri. Ganda lake tupu lina miguu, ila mwanga hupenya ndani yake na hakuna mwili. Inzi mweupe mzima ana urefu wa milimita moja hivi, na mabawa yake yamepakwa unga wa nta. Tikisa jani upige picha ya pili: inzi wameruka, maganda yapo palepale.

Kazi ngumu ni watoto wa inzi weupe. Akianguliwa, mtoto hutambaa kidogo akitafuta pa kunyonya, halafu hujibandika na miguu yake husinyaa. Kuanzia hapo ni duara bapa lililorefuka, la manjano hafifu au la kioo, lisilofika hata milimita moja. Wengi humwita mdudu gamba, na siwalaumu.

Tuchukue picha ya jani la mlimao kutoka ua wa nyumba huko Chamazi. Kuna vidude bapa vya kijani, milimita mbili hadi tatu, vimejipanga kandokando ya mshipa mkuu, na vingine viko kwenye kijiti kichanga. Ukubwa huo tayari unamtoa mtoto wa inzi mweupe, naye kwa kawaida hukaa chini ya jani, si kwenye kijiti. Ukikuza zaidi, ndani ya mgongo unaonekana mstari mweusi uliopinda. Jani la chini yake lina masizi, yaani ukungu unaoota juu ya maji ya sukari wanayotoa wadudu hawa, na majimoto wanapanda na kushuka wakiyafuata. Huyu ni gamba laini la kijani. Ukimsukuma kwa pini anabanduka mzima, kwa kuwa gamba lake ni mwili wenyewe. Yuko pia gamba gumu, la mviringo na rangi ya kutu: kifuniko kinatoka, mdudu anabaki jani­ni. Huyo hatoi maji ya sukari, hivyo usitarajie masizi wala majimoto juu yake.

Kabla ya kushika bomba la dawa, tazama matundu. Kifuko cha mtoto wa inzi mweupe kilichopasuka kwa umbo la herufi T kimetoa inzi. Chenye tundu la duara kimetoa nyigu mdogo sana aliyekua humo kwa kumla mwenyeji wake. Matundu ya duara yakiwa mengi, nyigu anafanya kazi yako bure, na dawa kali itamuua yeye kwanza.

Vidukari kwenye mboga huondolewa kwa maji ya kasi upande wa chini wa jani. Kwa inzi weupe hiyo haitoshi, maana watoto wamejibandika, na dawa inayonyunyizwa juu ya jani haiwafikii. Magamba makubwa yaliyo machache ni bora kuyasugua kwa mswaki mlaini, na matawi yaliyojaa yakatwe.

Picha ina kikomo chake: inakupa kundi, si spishi. Spishi za inzi weupe zinafanana mno, na mmoja wao hueneza virusi vya muhogo, maradhi yanayofanyiwa utafiti katika kituo cha TARI Mikocheni, hapo Kinondoni. Muhogo ukiwa karibu na bustani yako, funga jani lenye wadudu ndani ya bahasha, upeleke kwa afisa ugani wa kata siku hiyohiyo.