Mistari Mitatu Badala ya Mia Mbili

"Skripti imekataa, naomba uniangalizie." Ujumbe wa namna hii huja na faili la msimbo lenye mistari mia mbili, picha ya skrini iliyokatwa katikati, na maelezo kwamba jana kila kitu kilikuwa sawa. Anayeupokea hana data iliyosomwa na skripti hiyo, hajui ni toleo gani la programu lililotumika, na hawezi kunakili hata neno moja kutoka kwenye picha. Itambidi aulize maswali kwanza, asubiri majibu, kisha aulize tena. Siku nzima inaweza kupita kabla mtu yeyote hajaanza kutafuta chanzo chenyewe.

Waandishi wa programu wanakwepa usumbufu huo kwa kutayarisha mfano mdogo unaorudia kosa. Ni kipande kifupi cha msimbo ambacho mtu mwingine anaweza kukinakili, kukiendesha kwenye kompyuta yake bila kuomba faili lolote, na kuona kosa lile lile. Udogo wake una kipimo: ukiondoa chochote kilichobaki ndani yake, kosa linatoweka.

Chukua mfano wa chama cha akiba na mikopo kinachopokea michango kwa simu. Kila mwisho wa mwezi karani anapakua faili la CSV lenye orodha ya malipo, kisha anaendesha skripti ya Python inayotumia maktaba ya pandas. Skripti inasafisha majina, inalinganisha namba za simu na daftari la wanachama, inajumlisha michango ya kila mwezi, inachora chati na kutoa ripoti ya Excel. Kwenye kompyuta ya zamani kazi ilikwenda bila kulalamika. Kwenye kompyuta mpya, faili la Aprili 2024 lenye malipo 1,000 linaikwamisha skripti, na sehemu kuu ya ujumbe wa kosa ni hii:

```
ValueError: time data "13/04/2024" doesn't match format "%m/%d/%Y"
```

Karani akituma vyote kama vilivyo, msaidizi atalazimika kusoma habari za chati na Excel ambazo huenda hazihusiki kabisa. Kwa hiyo anatengeneza nakala ya skripti, anaiacha ile ya asili bila kuigusa, na anaanza kukata. Anaondoa kipande cha kuchora chati na kuendesha. Kosa lipo. Anaondoa kuandika Excel, kosa lipo. Anaondoa ulinganishaji wa namba za simu, bado lipo. Kanuni ni moja: kata kitu kimoja, endesha, tazama. Kosa likibaki, kilichokatwa hakikuwa na hatia na hakirudi. Likitoweka, au likigeuka kuwa kosa jingine, kipande hicho kinarudishwa. Wengi hukosea hapo kwa kukata vitu vitano kwa mpigo, halafu wanaposhangazwa na matokeo hawajui ni kipi kati ya vitano kilicholeta mabadiliko.

Baada ya msimbo kubaki mistari michache ya kusoma faili na kubadili safu ya tarehe, zamu ya data inafika. Ujumbe wa kosa unaitaja tarehe 13, kwa hiyo mtu yeyote angeushuku mstari wenye tarehe hiyo. Karani anauchukua peke yake, anaendesha, na hakuna kosa! Onyo linatokea kwenye skrini, lakini tarehe inasomwa vizuri. Wengi wangekata tamaa hapa na kutuma faili zima.

Njia ya uhakika ni kugawa nusu kwa nusu. Malipo 500 ya kwanza yanaleta kosa, kwa hiyo 500 ya mwisho yanawekwa kando. Katika hayo, 250 ya mwanzo yanapita salama, lakini yanayofuata, kuanzia la 251 hadi la 500, yanakwama. Karani anabaki na hayo, anagawa tena, na tena. Katika faili hili mgawanyo wa tisa unamfikisha kwenye malipo mawili tu yanayofuatana, moja la tarehe 12 na jingine la tarehe 13. Ukiliondoa lolote kati ya hayo mawili, skripti inapita. Faili la CSV sasa halina kazi, na mfano mzima unaandikika hivi:

```python
import pandas as pd
tarehe = pd.Series(["12/04/2024", "13/04/2024"])
print(pd.to_datetime(tarehe))
```

Mwenye uzoefu wa pandas akiona mistari hii mitatu hahitaji maelezo zaidi. Tangu toleo la 2.0, lililotoka Aprili 2023, maktaba hii hukisia mpangilio wa tarehe kwa kutazama tarehe ya kwanza, kisha huutumia mpangilio huo huo kwa zote. "12/04/2024" inaweza kusomwa kwa njia mbili, na pandas isipoelekezwa huanza na mwezi kama wafanyavyo Wamarekani. Inaisoma kuwa tarehe 4 Desemba. Ikifika "13/04/2024" inatafuta mwezi wa kumi na tatu, haupo, na inasimama. Ndiyo maana mstari wa tarehe 13 haukuleta kosa ulipokuwa peke yake: hapo ndio uliokuwa wa kwanza, na ukisomwa hivyo unakubali njia moja tu. Kosa halikukaa katika mstari wowote. Lilikaa katika mfuatano wa mistari miwili.

Dawa yake ni kuitajia pandas mpangilio badala ya kuiacha ikisie:

```python
pd.to_datetime(tarehe, format="%d/%m/%Y")
```

Lakini kuna jambo zito zaidi ambalo mfano huu mdogo umelifichua. Yale malipo 250 ya mwanzo yaliyopita salama hayakuwa salama hata kidogo. Tarehe zake ziligeuzwa kimyakimya: 1 Aprili ikawa 4 Januari, 2 Aprili ikawa 4 Februari, na kuendelea. Matoleo ya zamani ya pandas, kama lile la kompyuta ya zamani, yalikuwa yakikisia kila tarehe kivyake, kwa hiyo yalizigeuza zile za mwanzo wa mwezi na kuzisoma vizuri zile za kuanzia tarehe 13. Katika siku kumi na mbili za mwanzo wa Aprili, ni tarehe 4 peke yake iliyobaki katika mwezi wake. Skripti haikuwahi kukwama, lakini majumla yake ya kila mwezi yalikuwa na makosa, na ripoti zake za nyuma zinastahili kuhesabiwa upya. Aliyeangalia ujumbe wa kosa tu asingelijua hili.

Data iliyobaki katika mfano ni tarehe mbili, hakuna jina wala namba ya simu. Hilo halikutokea kwa bahati, na halipaswi kuachwa litokee kwa bahati. Faili la michango lina taarifa za watu, na kulirusha kwa mtu wa nje ili "aangalie tu" ni kuwavunjia wanachama haki yao. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Pale ambapo kosa linahitaji jina au namba, huwekwa za kubuni. Tahadhari ni kwamba data ya kubuni ibebe sifa ile ile iliyoleta kosa. Mtu akiandika upya tarehe kwa mkono, anaweza kupoteza nafasi tupu iliyojificha mwishoni mwa neno, na kumbe nafasi hiyo ndiyo iliyokuwa ikisumbua. Amri ya `print(repr(...))` huonyesha thamani pamoja na alama zake za nukuu, hivyo nafasi kama hiyo huonekana.

Kabla ya kutuma, mfano unajaribiwa mahali papya. Huu ndio ukaguzi unaorukwa mara nyingi kuliko wote, hasa na wanaotumia Jupyter, ambako thamani iliyotengenezwa asubuhi huendelea kukaa kwenye kumbukumbu hata baada ya mstari ulioitengeneza kufutwa. Kwa mwandishi mfano unafanya kazi, lakini kwa msomaji unaleta `NameError`. Mistari inanakiliwa kwenye faili jipya, tuseme `mfano.py`, na kuendeshwa kutoka terminali kwa amri ya `python mfano.py`. Kosa likitokea hapo, litatokea kwa msaidizi pia, mradi naye ana toleo lile lile. Kwa hiyo toleo la Python na la pandas huandikwa pembeni. Kwa pandas linapatikana kwa `pd.__version__`. Bila namba hiyo, msaidizi mwenye toleo la zamani angeendesha mistari ile mitatu na kujibu kwa nia njema kwamba kwake haina tatizo.

Kazi hii ya kupunguza ina historia yake. Mwaka 1999 mradi wa kivinjari cha Mozilla ulielemewa na taarifa za makosa hadi ukawaita watu wa kujitolea wazipunguze, kila moja ifike kwenye ukurasa mdogo kabisa unaoonyesha tatizo. Waliopunguza ishirini waliahidiwa fulana yenye saini za wahandisi. Mwaka 2002 watafiti Andreas Zeller na Ralf Hildebrandt walichapisha njia ya kuifanya kompyuta yenyewe ikate na kujaribu. Ukurasa wa HTML wenye mistari 896, uliokuwa ukikiangusha kivinjari hicho unapochapishwa, ulibaki mstari mmoja baada ya majaribio 57. Mkosaji alikuwa alama ya `<SELECT>`, ile inayotengeneza orodha ya kuchagua.

Yapo makosa yasiyokubali kupunguzwa namna hii. Skripti inayomaliza kumbukumbu ya kompyuta kwa sababu faili ni kubwa itapona mara tu faili likikatwa. Hapo ni bora kuandika mistari inayozalisha data kubwa ya kubuni. Kosa linalotokea mara moja kati ya ishirini haliwezi kuhukumiwa kwa kuendesha mara moja, kwa hiyo kila baada ya kukata huendeshwa mara nyingi ndani ya kitanzi. Na lile linalotegemea mtandao au seva ya mtu mwingine linaweza kuhitaji jibu la seva linakiliwe na kuwekwa ndani ya mfano. Hata pale kazi inaposhindikana katikati, tuma ulipofikia, na umweleze msaidizi ulichokata, kilichobaki, ulichotarajia kuona na ulichokiona, ukimbandikia ujumbe wa kosa wote kama maandishi, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho.