Kitenge cha foto na kitenge cha mkononi



Wengi mnakumbuka maneno yaliyotokea wakati wa kuagiza vitenge vya Tarehe 8 Machi. Muuzaji wa Goma alituma foto, tukachagua jioni katika mkutano, tukalipa pisi 12 za yadi 6 kila moja. Vilipofika, mama mmoja akasema: «Hii siyo ile tuliyolipia.» Foto ilikuwa ya buluu kali, kitenge kilikuwa buluu tulivu inayokaribia rangi ya majani. Tulikaribia kumwita muuzaji mwongo.

Siku iliyofuata, mwekahazina na mimi tuliweka telefone zetu mbili mezani tukafungua foto ile ile. Kwake ilikuwa buluu ya kung'aa, kwangu ilikuwa karibu majani mabichi. Foto ni moja, vioo viwili havikukubaliana. Tukatafuta sababu moja moja.

Ya kwanza ilikuwa kwangu. Telefone yangu inawasha yenyewe, saa moja ya jioni, kile kinachoitwa Éclairage nocturne, ili macho yapumzike. Kinapunguza buluu ya kioo, kila kitu kinakuwa kama kimepakwa mafuta ya mawese. Nilikuwa nimesahau kukizima. Nilipokizima, majani yalipungua sana.

Ya pili ilikuwa kwake. Telefone yake ni Samsung. Tuliingia Paramètres, kisha Affichage, tukakuta uchaguzi wa Vif na Naturel. Ilikuwa kwenye Vif. Foto nyingi tunazotumiana hufuata kipimo kiitwacho sRGB, ambacho HP na Microsoft walikitoa mwaka 1996 ili rangi zifanane kwenye vioo tofauti. Vioo vipya vinaweza kuonyesha rangi kali kuliko hizo. Kipimo kimoja cha namna hiyo, Display P3, kinazidi sRGB kwa karibu robo. Hali ya Vif inachukua rangi za kawaida na kuzivuta hadi mwisho wa uwezo wa kioo. Ni kama kuongeza chumvi kwenye sombe iliyokwisha kukolea: inavutia ulimi, lakini siyo ladha ya mpishi. Tulipobonyeza Naturel, buluu ikatulia, na telefone zetu zikakaribiana.

Hata hivyo foto haikuwa sawa kabisa na kitenge. Sababu ya tatu ilikuwa dukani. Mwanga una rangi yake, na rangi hiyo hupimwa kwa Kelvini. Taa ya manjano ina karibu 2,700, mwanga wa mchana karibu 6,500. Namba ikishuka, mwanga unakuwa wa manjano. Ikipanda, unakuwa wa buluu. Kamera hujaribu kusawazisha, lakini mara nyingi hukosea. Tuliangalia ukuta mweupe nyuma ya kitenge: ndani ya foto ulikuwa wa manjano. Basi kitenge nacho kilikuwa kimepigwa foto chini ya taa. Kosa hilo hakuna telefone ya bei yoyote itakayolirekebisha kwa kukionyesha vizuri tu, kwa sababu limekwisha kuingia ndani ya foto.

Je, tununue telefone ghali kwa sababu muuzaji anasifu rangi zake nyingi? Kwa kusoma ujumbe, kupiga simu na kuangalia foto za wajukuu, hapana. Dola hizo zitafaa zaidi kwenye betri inayodumu. Anayeshona au kuuza nguo kwa foto ndiye anayehitaji kujali, na hata yeye ahitaji kwanza kujua hali ya Naturel iko wapi. Telefone nyingi za bei ya chini hazina uchaguzi huo. Hapo zima tu kichujio cha usiku na utazame kioo ukiwa mbele yake, siyo kwa ubavu, maana vioo vingine hubadilika rangi ukivitazama pembeni.

Kwa oda ijayo, tumekubaliana hivi. Muuzaji apige foto mchana, nje, kivulini, na aweke karatasi nyeupe ya daftari juu ya kitenge. Karatasi ikionekana ya manjano au ya buluu kwenye foto, tutaomba nyingine. Foto itatusaidia kuchagua maua na michoro. Kuhusu rangi yenyewe, kabla ya kulipa tutaomba kipande kidogo kama kiganja, kije na mtu wa pikipiki, tukitazame juani.

Na muuzaji wetu? Tulimpigia simu kumwomba radhi. Kitenge chake kilikuwa cha kweli tangu mwanzo.