Hesabu ya akiba kwa FV: fedha inayotoka na inayorudi

Tuseme fundi cherehani wa Morogoro anataka kuweka benki shilingi 50,000 kila mwisho wa mwezi kwa miaka 5. Riba ni asilimia 6 kwa mwaka, na benki inaiingiza kwenye akaunti yake kila mwezi. Miaka hiyo ikiisha atakuwa na shilingi ngapi? Akizidisha 50,000 kwa miezi 60 anapata milioni 3, lakini hapo riba bado haijaingia. Fedha ya mwezi wa kwanza itazaa riba kwa miezi 59, ya mwezi wa pili kwa 58, na kuendelea hivyo hadi ile ya mwisho, ambayo haizai kitu. Kuzijumlisha moja moja kwa kalamu ni kazi ya kuchosha. Excel inazijumlisha kwa mstari mmoja:

```
=FV(6%/12,60,-50000)
```

Jibu ni 3,488,501.53. Riba peke yake ni zaidi ya shilingi 488,000.

Ndani ya mabano, namba ya kwanza ni riba ya kipindi kimoja, ya pili ni idadi ya vipindi, na ya tatu ni kiasi kinachowekwa kila kipindi. Kwa kuwa anaweka kwa mwezi, riba nayo lazima iwe ya mwezi, ndiyo maana asilimia 6 imegawanywa kwa 12. Ukisahau kugawanya, Excel itadhani riba ni asilimia 6 kila mwezi na itakuahidi zaidi ya milioni 26. Ukiona jibu nono namna hiyo, rudi kwenye riba kwanza.

Kinachowasumbua wengi zaidi ni ile alama ya kutoa mbele ya 50,000. Kwa nini akiba iandikwe kama deni? Sababu ni kwamba FV haitazami salio la benki, inatazama mfuko wako. Fedha inayotoka mfukoni ni hasi, inayoingia mfukoni ni chanya. Kila mwezi fundi anatoa, kwa hiyo -50000. Siku ya mwisho anapokea, kwa hiyo jibu linakuja chanya. Fomula imejengwa hivi: kila fedha ihesabiwe pamoja na riba yake hadi siku ya mwisho, kisha zilizotoka na zilizoingia zikijumlishwa zilete sifuri. Upande mmoja ukiwa hasi, wa pili hauna budi kuwa chanya.

Ukiandika 50000 bila alama hiyo, utapata -3,488,501.53, na mara nyingi Excel huionyesha kwa rangi nyekundu. Usishtuke: kiasi ni kilekile, ila umeiambia kompyuta kwamba unapokea 50,000 kila mwezi, nayo inakujibu kwamba mwishoni utapaswa kulipa. Kosa hili halina madhara makubwa kwa sababu linaonekana.

La hatari ni lile lisiloonekana. Tuseme fundi tayari ana 400,000 kwenye akaunti siku anapoanza. Kianzio hicho huandikwa nafasi ya nne, nacho pia ni fedha iliyotoka mfukoni:

```
=FV(6%/12,60,-50000,-400000)
```

Jibu ni 4,028,041.59. Sasa asahau alama ya kutoa kwenye 400000 peke yake. Excel haitalalamika wala haitaonyesha wekundu; itatoa 2,948,961.47, namba chanya inayoonekana ya kawaida kabisa. Kwa kompyuta, 400,000 imekuwa mkopo aliopewa siku ya kwanza, na akiba yake inatumika kuulipa pamoja na riba. Utalitambua kosa hili kwa hesabu ya kichwa: michango ya miezi 60 ni milioni 3, ongeza kianzio, inakuwa milioni 3.4. Jibu lolote lililo chini ya hapo haliwezi kuwa sahihi wakati riba inaongezeka.

Nafasi ya tano ni ya wakati. Ukiiacha wazi, Excel inahesabu kwamba unaweka mwisho wa mwezi. Ukiandika 1, inahesabu mwanzo wa mwezi. Kwa fundi wetu, bila kianzio, tofauti ni shilingi 17,442.51 tu.

FV haijui kodi. Tanzania hukata kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye riba, kwa hiyo asilimia 6 inabaki 5.4, na akiba ile ya kwanza inashuka hadi kama 3,435,000. Kugawanya kwa 12 nako ni sahihi pale tu riba inapoingizwa kila mwezi. Kabla hujaandika fomula, muulize karani wa benki mambo mawili: riba inaingizwa mara ngapi kwa mwaka, na kiwango alichokutajia ni kabla au baada ya kodi.