Je, Wajua? Figo Haziijui Lithiamu

Je, wajua kwamba lithiamu iliwahi kunyunyizwa kwenye chakula? Mwaka 1949 daktari John Cade wa Australia alitangaza kuwa madini hayo huwatuliza wagonjwa wa bipola waliochangamka kupita kiasi. Mwaka huohuo, huko Marekani, wagonjwa wa moyo walikuwa wakiitumia badala ya chumvi, bila kipimo, na baadhi yao wakafa. Mgonjwa wa kwanza wa Cade mwenyewe alipata nafuu kubwa, lakini mwaka 1950 akafa kwa sumu ya dawa ileile. Marekani iliiidhinisha mwaka 1970.

Kasoro yake kubwa ni hii: kiasi kinachotibu kinakaribiana mno na kinachodhuru. Wagonjwa wengi hutakiwa wawe na milimoli 0.6 hadi 1.0 kwa lita ya damu. Ikifika 1.5, sumu kwa kawaida imeshaanza kujionyesha, na kwa wazee hata chini ya hapo. Damu hutolewa saa 12 baada ya dozi: aliyemeza saa tatu usiku apimwe saa tatu asubuhi, kabla ya kumeza nyingine. Tena isiwekwe kwenye kichupa chenye heparini ya lithiamu, maana majibu yatapanda kwa uongo.

Mbona kiwango kibadilike na vidonge ni vilevile? Lithiamu hutoka mwilini kwa njia ya figo, nazo huichukulia kama chumvi. Mwili ukipungukiwa maji na chumvi, figo huizuia chumvi isipotee, na lithiamu hubaki nayo.

Tuseme mama mmoja ana 0.7 miezi yote. Anaharisha siku mbili, hali vizuri, mgongo unamuuma, ananunua diklofenaki duka la dawa. Kuharisha kunazifanya figo zishikilie lithiamu. Diklofenaki, kama ibuprofeni, inazidi kupunguza inayotoka. Hakuongeza hata kidonge kimoja, lakini kipimo kinaweza kusoma 1.6. Baadhi ya dawa za presha nazo hufanya hivyohivyo. Kwa maumivu madogo, parasetamoli ni salama zaidi kwake.

Kutetemeka kidogo vidole, kiu na kukojoa mara kwa mara ni mambo ya kawaida kwa watumiaji, ingawa daktari aambiwe. Cha kuogopesha ni mikono kutetemeka hadi chai inamwagika, kutapika au kuharisha kusikokoma, kuyumba kama mlevi, ulimi kuwa mzito, misuli kurukaruka, usingizi usio wa kawaida na kuchanganyikiwa. Mara nyingi ndugu ndio hugundua kwanza, na jirani husema amelewa. Hapo dozi inayofuata isimezwe. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na wahudumu waambiwe mapema kwamba anatumia lithiamu, pamoja na dawa nyingine zote alizomeza wiki hiyo.