Namna ya Kuripoti Hitilafu ya Programu ya Mauzo kwa Muuzaji Wake

Maduka mengi sasa huandika mauzo yao kwa programu ya kompyuta inayolipiwa ada kila mwezi au kila mwaka. Mteja aliyelipa ada hiyo ana haki ya kuhudumiwa programu inapokosea. Hata hivyo, malalamiko mengi hukwama kwa sababu mtaalamu anayeyapokea hawezi kuliona tatizo lenyewe. Yeye yuko mbali, hajui mteja alibonyeza nini, na kwenye kompyuta yake programu inafanya kazi vizuri. Katika sura hii tunaeleza namna ya kuandika taarifa ambayo mtaalamu huyo anaweza kuifuata hadi aione hitilafu kwa macho yake.

Tuchukue mfano wa mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Morogoro. Tarehe 2 Aprili alitoa ripoti ya mauzo ya Machi ili aandae ritani ya Kodi ya Ongezeko la Thamani. Ripoti ilionyesha shilingi 46,300,000, ilhali yeye alijua kuwa mwezi ule biashara ilikuwa nzuri zaidi ya hapo. Akaandika kwa muuzaji wa programu: “Mfumo wenu unapoteza mauzo yangu. Naomba msaada wa haraka.” Jibu lilikuja jioni: “Tumekagua, mfumo uko sawa. Tafadhali zima kompyuta kisha uiwashe tena.” Alifanya hivyo, na jumla haikubadilika.

Jibu hilo linaudhi, lakini tukitazama ujumbe wake tutaona kuwa haukumpa mtaalamu mahali pa kuanzia. Haukutaja ripoti ipi, ya siku zipi, wala kiasi kilichotarajiwa.

Kwanza, tafuta mahali tatizo linapoanzia na linapoishia

Kabla ya kuandika tena, mama huyu aliifungua ripoti siku moja moja. Aligundua kwamba tarehe 13 hadi 31 Machi zote zilikuwa sahihi. Tarehe 1 hadi 12 hazikuwa na mauzo hata kidogo, isipokuwa tarehe 3. Kisha akatafuta risiti moja ya tarehe 4 Machi kwa namba yake, na programu ikaileta, lakini ikiwa imeandikwa tarehe 3 Aprili, yaani siku ambayo ilikuwa haijafika.

Hapo mambo yakawa wazi. Sisi huandika siku kwanza kisha mwezi, hivyo 04/03 ni tarehe 4 Machi. Wamarekani hutanguliza mwezi, na kwao 04/03 ni tarehe 3 Aprili. Programu ilikuwa ikizisoma tarehe kwa mtindo huo wa pili. Ilipofika 13/03 haikuweza kukosea, kwa kuwa hakuna mwezi wa kumi na tatu. Tarehe 3 Machi nayo ilinusurika kwa sababu 03/03 husomeka vilevile kwa mitindo yote miwili. Mauzo hayakupotea, bali yalipelekwa kwenye miezi mingine.

Si lazima mteja afike hadi kwenye chanzo. Inatosha aseme ni siku zipi zimeathirika na zipi hazikuathirika, na tatizo lilionekana tangu lini. Mama huyu alikumbuka kuwa programu ilipokea sasisho jioni ya tarehe 28 Februari, naye akalitaja. Ukiwa na dhana juu ya chanzo, iandike kando na uiite dhana, ili isichanganywe na ulichokiona.

Katika hatua hii kuna makosa matatu ya kuepuka. La kwanza ni kuyaingiza upya mauzo yanayodhaniwa yamepotea. Hitilafu itakaporekebishwa, yatahesabiwa mara mbili. La pili ni kuiondoa programu na kuiweka upya, jambo ambalo laweza kufuta kumbukumbu ambazo mtaalamu angezihitaji. La tatu ni kufanya mauzo ya majaribio kwenye programu iliyounganishwa na mashine ya EFD, kwa sababu kila risiti inayotoka huko ni risiti halisi ya kodi. Jaribu kwa kutumia risiti iliyokwisha kutolewa.

Andika hatua za kulirudia tatizo

Hatua hizi ni maelekezo mafupi ambayo mtu asiyelijua duka lako akiyafuata ataona ulichokiona wewe. Kila hatua iwe na tendo moja, na maneno ya vitufe yaandikwe kama yanavyosomeka kwenye skrini. Mwishoni taja vitu viwili: ulichotarajia na kilichotokea. Taarifa ya pili ya mama huyu ilikuwa hivi:

“Kichwa: Mauzo ya tarehe 1 hadi 12 Machi yanaonekana kwenye miezi mingine, tangu sasisho la tarehe 28 Februari.

1. Ingia kama msimamizi.
2. Fungua Ripoti, kisha Mauzo ya Siku.
3. Kwenye Kuanzia na Hadi, weka 04/03.
4. Bonyeza Onyesha.

Nilichotarajia: risiti 38, kwa sababu nakala za karatasi za siku hiyo ninazo. Kilichotokea: maneno ‘Hakuna mauzo’. Nikirudia hatua ya 3 kwa 03/04, risiti zote 38 zinaonekana, ingawa leo ni tarehe 2 Aprili. Nimerudia mara tatu na matokeo ni yaleyale. Tarehe 13 hadi 31 hazina tatizo.”

Chini yake aliongeza namba ya toleo la programu, ambayo kwa kawaida huonekana kwenye ukurasa wa Kuhusu, na aina ya kompyuta yake. Kama tatizo hutokea mara moja moja tu, sema hivyo waziwazi, kwa mfano mara mbili katika kila majaribio kumi, pamoja na saa lilipotokea. Saa humwezesha mtaalamu kutafuta tukio hilo katika kumbukumbu za mfumo.

Ambatisha picha za skrini zinazothibitisha

Picha mbili au tatu hutosha. Mama huyu alituma ya ripoti tupu ya 04/03, ya ripoti ya 03/04 yenye risiti 38, na ya ukurasa wa toleo. Kwenye kompyuta yenye Windows, bonyeza kwa pamoja `Windows + Shift + S`, kisha chagua eneo. Kwenye simu nyingi za Android, bonyeza kitufe cha kuwashia pamoja na cha kupunguza sauti. Acha saa na tarehe ya kompyuta zionekane, kwani katika mfano wetu ndizo zilizothibitisha kuwa mauzo yalikuwa yameandikwa siku isiyofika bado. Maneno ya kosa yanayojitokeza kwenye skrini yaandike pia katika ujumbe, ili mtaalamu aweze kuyanakili na kuyatafuta.

Kabla ya kutuma, ficha majina na namba za simu za wateja wako. Taarifa hizo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Funika kwa kisanduku cheusi kisichopitisha kitu. Kalamu ya kupaka rangi iliyomo kwenye simu mara nyingine haifuniki kabisa, na mtu akiongeza mwangaza wa picha anaweza kusoma yaliyo chini. Neno la siri lisitumwe kwa yeyote, hata akisema anatoka kwa muuzaji. Akiomba kuingia kwenye kompyuta yako kutoka mbali, mpigie wewe kwa namba iliyo kwenye mkataba, na kabla hajaanza toa nakala ya akiba ya kumbukumbu zako.

Eleza athari kwa biashara bila kutia chumvi

Muuzaji hupokea taarifa nyingi kwa siku na huzipanga kwa uzito. Neno “haraka” huandikwa na karibu kila mtu, hivyo halimsaidii kuchagua. Kinachomsaidia ni kujua kazi gani imekwama, ni kiasi gani kinahusika, mwisho wa kungoja ni lini, na kama kuna njia ya kujikimu kwa muda. Mama huyu aliandika:

“Siku 11 za Machi hazimo kwenye ripoti. Risiti zangu zinaonyesha jumla ya shilingi 71,420,000, ripoti inaonyesha 46,300,000. Upungufu ni shilingi 25,120,000. Natakiwa kuwasilisha ritani ifikapo tarehe 20 Aprili, na mhasibu wangu anahitaji takwimu tarehe 14. Kuuza naweza. Kwa sasa najumlisha risiti kwa mkono, saa mbili kila jioni.”

Tazama sentensi ile “Kuuza naweza.” Angeandika kwamba biashara imesimama, mtaalamu angempigia simu na kusikia keshia akihudumia wateja, na taarifa yake inayofuata ingetiliwa shaka. Ni vema pia kukumbuka kwamba hitilafu ya programu haiondoi wajibu wa kuwasilisha ritani kwa wakati. Kwa hiyo jumla ya mkono iendelee kuandaliwa hadi ripoti itakapokuwa sahihi.

Baada ya kutuma

Omba namba ya taarifa, na uitaje kila unapoandika tena juu ya jambo lilelile. Usifungue taarifa mpya kila siku, maana kila moja yaweza kuangukia kwa mtu tofauti asiyejua ya jana. Soma mkataba wako kwa makini, kwani muda wa kujibu si muda wa kurekebisha. Mkataba unaoahidi jibu ndani ya saa nne haukuahidi suluhisho ndani ya saa hizo.

Ukiambiwa kuwa tatizo limeondolewa, zirudie hatua zako zilezile. Mama huyu aliweka 04/03 na kuona risiti 38, akaweka 03/04 na kuziona hazipo tena. Kisha alilinganisha jumla ya Machi na risiti zake za karatasi, kwa kuwa sasisho laweza kurekebisha tarehe zijazo na kuziacha za zamani zilivyo. Alipoona shilingi 71,420,000, ndipo alipokubali taarifa ifungwe.

Muuzaji akinyamaza, au akiendelea kudai kuwa mfumo uko sawa ilhali hatua zako zinaonyesha vingine, mwandikie barua rasmi yenye namba ya taarifa na tarehe ya kila mawasiliano. Asipochukua hatua, tuletee nakala ya barua hiyo pamoja na mkataba, risiti za malipo ya ada, hatua ulizoandika na picha zake. Tukiwa na vitu hivyo, tunaweza kumuuliza muuzaji swali ambalo hawezi kulijibu kwa kusema tu kwamba mfumo uko sawa.