Jedwali la mwalimu, orodha ya mwanafunzi

Mwalimu wa Kiswahili mjini Kasulu anaweza kuwa na jedwali zuri la kusahihishia insha, lililobandikwa ukutani tangu muhula uanze, na bado akakusanya madaftari ambayo wenyewe hawakuyasoma tena baada ya kuweka nukta ya mwisho. Wanafunzi wanaliona jedwali kila siku. Ila limeandikwa kwa jicho la msahihishaji, mtu mwenye kazi iliyokwisha mkononi anayetafuta aiweke kwenye safu ipi. Mwandishi wa kidato cha pili ana swali jingine kabisa: sasa nifanye nini kabla sijakusanya?

Mihtasari ya mtaala ulioboreshwa wa 2023, iliyoanza kutumika madarasani 2024, ina safu nzima ya vigezo vya upimaji, na walimu wengi huanzia hapo kutengeneza majedwali yao. Tuchukue mfano mmoja wa kubuni. Mada ya insha ni athari za kukata miti kwa ajili ya kuni na mkaa katika wilaya yetu, jambo ambalo mtoto wa Kasulu au Kibondo hahitaji kulisoma kitabuni. Jedwali lina mistari mitatu: hoja, mpangilio na lugha. Mstari wa hoja, kwenye alama 4, unasema: “Hoja zote zinahusiana na mada, zimefafanuliwa kwa kina na kutolewa mifano hai.” Kwenye alama 3 unasema “hoja nyingi”, kwenye 2 “hoja chache”, kwenye 1 “hoja hazieleweki”.

Katika kuligeuza jedwali hili kuwa orodha ya mwanafunzi ya kujikagua, kosa la kwanza ni kunakili safu zote nne na kuongeza “mimi” mbele. Mwanafunzi hana haja ya kuchagua kama hoja zake ni nyingi au chache. Chukua safu ya juu peke yake, hizo nyingine mwachie msahihishaji. Kisha hesabu madai yaliyofichwa ndani ya sentensi ile moja. Yapo matatu: kuhusiana na mada, kina, na mifano. Mwanafunzi aliyetimiza moja ataweka tiki kwa yote matatu, wala hatakuwa anadanganya, kwa kuwa sehemu ya sentensi ni kweli. Kwa hiyo kila dai lipate mstari wake.

Kazi ngumu inaanzia kwenye vivumishi na vielezi. “Kwa kina” ni kiasi gani? Mwalimu aliyesahihisha mamia ya insha anakijua kina akikiona, mwanafunzi hajapata kukiona. Hapa lazima mwalimu ajiulize yeye mwenyewe jicho lake hutua wapi anapotoa alama 4. Akiona kwamba hutafuta sababu iliyoelezwa ndani ya aya ileile, basi aandike hivyo. Mstari wa hoja sasa unakuwa hivi:

Kila hoja yangu ina aya yake, na nimeipigia mstari kwa penseli.
Kila hoja niliyoipigia mstari inataja athari ya kukata miti, si jambo jingine kuhusu miti.
Nikiuliza “kwa nini?” baada ya kila hoja, jibu lipo kwenye aya hiyohiyo.
Kila hoja ina mfano unaotaja mahali, watu au kitu ambacho mtu anaweza kwenda kukiona.

Kila sentensi inajibiwa kwa “ndiyo” au “bado”, na mbele yake kuna nafasi ndogo ya kuandika namba ya aya. Namba hiyo ndiyo inayozuia tiki za haraka. Mwanafunzi asiyeweza kuandika aya ya ngapi amekwishajua kwamba hana. Jibu la pili napendelea liitwe “bado” kuliko “hapana”, kwa sababu orodha hii inajazwa wakati kazi ingali mikononi mwake na muda upo.

Tuone inavyofanya kazi. Mwanafunzi ameandika: “Kukata miti kunaleta madhara makubwa sana kwa jamii yetu. Hivyo watu waache tabia hiyo.” Akitumia jedwali la ukutani, atajipa 4 bila wasiwasi: hoja ipo, inahusu mada, na ameweka “sana”. Akitumia orodha, anakwama kwenye “kwa nini?” na anakwama tena kwenye mfano. Anarudi kuandika: “Kijito cha bondeni kwetu hukauka mapema wakati wa kiangazi tangu miti ya mlimani ilipokatwa, kwa sababu mvua sasa hutiririka juu ya udongo mtupu badala ya kuzama. Akina mama hutembea mbali zaidi kutafuta maji.” Hakuna aliyemwambia aongeze ufundi. Ameonyeshwa tu palipo na pengo.

Mpangilio wa orodha usilazimike kufuata mpangilio wa jedwali. Jedwali mara nyingi hutanguliza kile chenye alama nyingi, mwanafunzi anarekebisha kwa utaratibu mwingine: kwanza hoja, kisha mpangilio wa aya, tahajia na upatanisho wa kisarufi mwisho. Hakuna faida ya kusahihisha “miti yamekatwa” katika aya itakayofutwa. Na mistari isizidi kama minane. Orodha ya mistari ishirini hujazwa kama fomu ya ofisini, kutoka juu hadi chini bila kunyanyua kalamu.

Heidi Andrade, mtafiti wa Marekani aliyeandika mengi kuhusu wanafunzi kujitathmini, huwapa wanafunzi kalamu za rangi: wanapigia mstari kigezo kwa rangi moja, kisha wanatafuta ushahidi wake katika rasimu na kuupigia mstari kwa rangi ileile. Kwenye darasa lenye wanafunzi wengi na kalamu za bluu tupu, herufi pembeni mwa ukurasa zinatosha: S penye sababu, M penye mfano. Karatasi ya kudurufu nayo si lazima. Orodha iandikwe ubaoni mara moja, kila mmoja ainakili ukurasa wa mwisho wa daftari, na kila insha ipate safu yake mpya ya namba za aya. Andrade anasisitiza pia kwamba kujitathmini kusiwe na alama, na nakubaliana naye kabisa. Siku tiki zitakapoanza kuhesabiwa, zote zitakuwa “ndiyo”.

Kuna vitu havigeuki kuwa mstari wa orodha. Ukiandika “Nimetumia methali”, utapata methali iliyopachikwa aya ya kwanza kama stempu, inahusu subira, na insha inahusu mkaa. Mvuto wa lugha, hoja isiyotarajiwa, ucheshi uliokaa mahali pake: hivyo vibaki kwenye jedwali la mwalimu na katika maoni anayoandika pembeni. Nisingelazimisha.

Kabla ya kuipeleka darasani, orodha ijaribiwe kwa insha mbili za mwaka uliopita zilizofutwa majina, moja iliyopata alama za juu na moja ya chini. Mwalimu azijazie orodha kama vile ndiye aliyeziandika. Zote mbili zikitoka na “ndiyo” nane, orodha inapima sura ya kazi tu. Mara nyingi kosa liko kwenye mstari wa mpangilio: “Nina utangulizi, kiini na hitimisho.” Insha dhaifu nayo ina aya ya kwanza, za katikati na ya mwisho. Mstari huo uandikwe upya: “Sentensi ya mwisho ya utangulizi wangu inasema hoja yangu kuu, na aya ya mwisho haileti hoja mpya.” Kisha insha zote mbili zijaziwe tena.